Uzi: Kwa nini ndege ya mizigo ya jeshi ijazwe mafuta angani badala ya kutua njiani?

#1 Mpenda_Mabawa

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua. Ndege ya kivita nikiiona imechomeka mrija kwenye kikapu kilicho mwisho wa bomba la ndege ya mafuta naelewa, tangi lake ni dogo. Lakini ndege kubwa ya kubebea askari na shehena ina mabawa yaliyojaa mafuta. Kwa nini nayo ijazwe angani? Si itue sehemu, ijaze, wahudumu wanyooshe miguu, waendelee? Naona kama ni gharama mara mbili: unarusha ndege ya pili ili ya kwanza isitue.

Mwenye mfano halisi wa vita autoe. Nataka kujua daraja la anga, yaani kusafirisha shehena kwa ndege mfululizo, linategemea nini hasa.

#2 Kamanda_wa_Ramani

Mkuu, jibu ni rahisi: umbali. Mwaka 1973 Wamarekani walipowapelekea Waisraeli silaha, ndege zao zilijazwa mafuta juu ya Atlantiki na juu ya Mediterania, zikaenda moja kwa moja. Bila kujaza angani operesheni ile isingewezekana. Ndiyo maana kila jeshi kubwa lina ndege za mafuta.

#3 Msimamizi_wa_Shehena

#2, hapo kwenye 1973 umekosea, na kosa lenyewe ndilo somo. Katika operesheni hiyo, Nickel Grass, ndege za mizigo HAZIKUJAZWA angani hata mara moja. Zilitua. Zilitua Lajes, kisiwa cha Terceira, visiwa vya Azori vya Ureno, katikati ya bahari.

C-141 Starlifter za wakati ule hazikuwa na tundu la kupokelea mafuta angani kabisa. C-5 Galaxy zilikuwa nalo, ila wahudumu wake hawakuwa wamefunzwa kulitumia. Nchi nyingine za Ulaya hazikutaka kuonekana zinasaidia, zikakataa kutua na kupita kwenye anga zao. Ureno ikakubali baada ya kushinikizwa sana. Kwa hiyo njia ilikuwa Marekani, Lajes, mlango wa Gibraltar, halafu katikati ya Mediterania kwa kufuata mpaka kati ya anga la Ulaya na la Afrika, kama mtu anayepita kwenye uchochoro bila kugusa ukuta wa kulia wala wa kushoto. Mwisho uwanja wa Lod, Israeli.

Safari 567 kwa mwezi mmoja, kuanzia 14 Oktoba hadi 14 Novemba, na zaidi ya tani 22,000. Galaxy zilifanya safari 145 tu lakini zilibeba karibu nusu ya mzigo wote.

Ndege za mafuta zilitumika, ndiyo, lakini kuvusha ndege za kivita zilizokuwa zikipelekwa kukabidhiwa. Nadhani hapo ndipo ulipochanganya.

#4 Kamanda_wa_Ramani

Nakubali kuhusu Starlifter, asante kwa kunirekebisha. Lakini hoja yangu haijafa. Ureno ingekataa je?

#5 Msimamizi_wa_Shehena

Ureno ingekataa, safari 422 za Starlifter hazikuwa na njia. Galaxy zingefika, lakini na mzigo mdogo sana, kwa sababu nafasi ya uzito ingeliwa na mafuta. Hapo ndipo wakubwa waliposhtuka. Usiku wa kwanza wenyewe upepo wa ubavu ulivuma Lajes hadi ndege zikazuiwa kwa saa kadhaa huko nyuma. Daraja zima la bara kwa bara lilisimama kwa sababu ya upepo wa kisiwa kimoja.

Baada ya vita Starlifter zikaanza kukatwa na kurefushwa, kama mita 7 zaidi, zikawekewa na tundu la kupokelea mafuta juu ya chumba cha marubani. Ya majaribio iliruka 1977, kazi ikaisha 1982, ndege 270. Kurefusha nako kulikuwa na sababu yake: zile za mwanzo zilikuwa zinajaa nafasi kabla hazijafikia uzito. Unafunga mlango na ndege bado ina nguvu ya kubeba. Paleti 10 zikawa 13.

#6 Neema_Dira

Samahani kuingilia. Mimi nilidhani uzi unahusu kudondosha mizigo kwa miamvuli. Ndege si inapita, inadondosha, inarudi? Sasa suala la kutua linatoka wapi?

#7 Mpenda_Mabawa

Dada Neema, kudondosha ni mwisho wa safari. Mimi nauliza kuhusu katikati. Hata anayedondosha lazima arudi alikotoka na mafuta yatoshe, tena huyo hana kituo cha kujaza mbele.

#8 Neema_Dira

Sawa, nimeelewa. Basi anayedondosha ndiye mwenye shida kubwa kuliko anayetua.

#9 Rubani_Mstaafu

Dada hapo juu umegusa penyewe bila kujua. Vijana, niwape mfano ambao haukuwa na Lajes: visiwa vya Falklands 1982, Waingereza dhidi ya Waargentina.

Waingereza walikuwa na kisiwa cha Ascension, karibu na ikweta. Kutoka hapo hadi Stanley, mji mkuu wa Falklands, ni kama kilomita 6,300 za maji matupu. Hakuna uwanja rafiki katikati. Ukifika Stanley ukakuta ukungu au upepo wa ubavu, uwanja wa akiba ni uleule ulioondokea. Mpaka leo sijui njia ya mizigo iliyokuwa kali kuliko ile.

Ndege iliyofanya kazi ni Hercules, ya panga nne. Mwanzoni zilikwenda kudondosha vifaa baharini kwa meli za kikosi. Baada ya Waargentina kusalimu amri 14 Juni, Hercules ya kwanza ya Waingereza ilitua Stanley 24 Juni, na tangu hapo likawa daraja la kila siku hadi uwanja mpya wa Mount Pleasant ulipofunguliwa 1985. Kwenda tu ni saa 13 hivi. Mwezi huohuo wa Juni kuna Hercules iliyokaa hewani saa 28 na dakika 4 bila kugusa ardhi.

#10 Mwana_wa_Hesabu

Mzee, saa 28! Ngoja nipige hesabu za vidole, mnisahihishe.

Nachukua Hercules inakunywa tani 2 kwa saa, na matangi yake ya mabawa yanachukua tani 28. Hiyo ni saa 14. Kwenda ni 13. Kwa hiyo inafika Stanley ikiwa na saa moja mkononi. Hali ya hewa ikiwa mbaya, wamekwisha.

Sasa tuwajaze njiani mara moja. Tuite saa ya kujaza X. Kanuni ya kwanza: kikapu kikikatika au mrija ukigoma, lazima waweze kurudi Ascension. Kwenda X na kurudi X kusizidi saa 14, yaani X isizidi 7. Kanuni ya pili: wakishajaza hadi juu, mafuta yawatoshe kumalizia kwenda Stanley na kurudi Ascension bila kutua, yaani saa 26 toa X. Na tangi lililojaa ni saa 14, kwa hiyo X isipungue 12.

Isizidi 7 na isipungue 12! Hazikutani. Kwa matangi ya mabawa peke yake, kujaza mara moja hakusaidii.

#11 Rubani_Mstaafu

Safi sana kijana. Umefika kwenye ukuta uleule waliofika wao. Sasa endelea: walichofanya ni kufunga matangi ya ziada ndani ya sehemu ya kubebea mizigo. Kulikuwa na ndege za matangi mawili na za matangi manne. Kila tangi kama tani 3 za mafuta.

#12 Mwana_wa_Hesabu

Naendelea.

Matangi mawili: tani 34, saa 17. X isizidi 8 na nusu. Na 26 toa X isizidi 17, kwa hiyo X isipungue 9. Pengo limebaki nusu saa! Zimekaribia lakini bado hazijakutana.

Matangi manne: tani 40, saa 20. X isizidi 10, isipungue 6. Dirisha la saa 4. Hapo mpangaji anaweza kulala usingizi.

Lakini angalieni bei. Ndege tupu na wahudumu tani 35. Mafuta 40. Jumla 75. Uzito wa juu kabisa, ule wa kulazimisha wakati wa vita, ni 79 hivi. Mzigo unabaki tani 4, na hapo sijatoa uzito wa matangi yenyewe. Ndege inayobeba tani 16 au zaidi kwa safari fupi imekuwa gari la mafuta lenye vifurushi vichache.

#13 Mpenda_Mabawa

Hesabu hii imenifungua macho. Kwa hiyo shida si kufika. Shida ni kubakiza uwezo wa kurudi endapo mlango umefungwa mbele yako.

#14 Rubani_Mstaafu

Ndivyo. Na kijana #12 amefanya mambo mawili kuwa mepesi kuliko yalivyo. Upepo wa kule kusini haumuonei mtu huruma, saa 13 inaweza kuwa 14. Pili, amechukulia kwamba kujaza ni bure. Si bure hata kidogo.

Ndege ya mafuta waliyokuwa nayo ni Victor, ya jeti, iliyoanza maisha kama ndege ya mabomu. Victor ikiruka polepole sana inaanza kupoteza kushikwa na hewa. Hercules ya panga, imejaa mizigo, haifikii mwendo ambao Victor inautaka. Mmoja hawezi kupunguza, mwingine hawezi kuongeza. Wakiwa usawa mmoja hewani, Hercules inabaki nyuma ya kikapu inakitazama tu.

Walichobuni ni kushuka. Wanaanza juu, kama mita 7,000, halafu wote wawili wanainamisha pua na kuteremka kama mita 150 kila dakika. Mteremko ndio unaompa Hercules ule mwendo wa ziada, karibu kilomita 430 kwa saa. Kujaza kunachukua kama robo saa. Sasa fikirieni: kila dakika mpokeaji anazidi kuwa mzito, kwa hiyo anazidi kuchelewa, mikono ya injini imesukumwa hadi mwisho, na mawingu yaliyokuwa chini yanapanda kuwajia. Wakiingia kwenye wingu la msukosuko kikapu kinaanza kucheza. Wakimaliza wako chini, wazito, na inabidi wapande upya kwa kuchoma sehemu ya mafuta yaleyale waliyopewa.

#15 Fundi_Injini

Mzee kasema kweli. Niongeze kidogo upande wa mafundi. Mirija ya kupokelea kwenye zile Hercules iliwekwa kwa haraka wakati vita vinaendelea, 1982 hiyohiyo. Mrija umekaa juu ya chumba cha marubani, upande wa kulia kidogo, na bomba lake linapita nje juu ya mgongo wa ndege kwenda kwenye mabawa. Ukiiona picha utalitambua mara moja, kama mshipa uliotokeza.

Na suluhisho la tatizo la mwendo lilikuja baadaye mwaka uleule: waligeuza Hercules chache kuwa ndege za mafuta zenyewe. Hercules ikamjaza Hercules. Mwendo mmoja, tabia moja.

#16 Kamanda_wa_Ramani

Na tusisahau kwamba walitumia ndege za mafuta 11 kumpeleka Hercules mmoja! Hiyo inaonyesha gharama.

#17 Fundi_Injini

Mkuu leo una siku ngumu. Victor 11 zilikuwa za ndege ya mabomu, Vulcan, usiku wa 30 Aprili kuamkia 1 Mei. Hercules hakuhitaji kundi la namna hiyo.

Lakini kanuni ni ileile. Ndege ya mafuta nayo inakunywa. Ili Victor wa mwisho amfikie mteja wake mbali kusini, Victor wengine wanamjaza yeye, halafu wanarudi. Usiku ule mmoja wa Victor alivunja mrija wake akipokea kwenye msukosuko, ikabidi aliyekuwa anampa abadilishane naye nafasi, aende mbele yeye akiwa na mafuta pungufu. Alimpa Vulcan alichoweza, naye mwenyewe akabaki hana ya kumfikisha nyumbani hadi alipotumiwa mwingine kumpokea. Ndiyo maana mpangaji hahesabu lita tu, anahesabu na mirija itakayokatika.

#18 Kamanda_wa_Ramani

Nimekubali. Ila ninyi wawili mnajibu kama mmekaa mnanisubiri 😂

#19 Mama_Ghala

Wanangu, mimi naona mnaongelea hewani tu. Nilifanya kazi ghalani, upande wa kutuma. Daraja la anga linavunjikia chini. Angalieni hiyo 1973 aliyoitaja #3. Vifaa vya kupakulia paleti vilikuwa kwenye ndege nyingine iliyokwama Lajes. Galaxy ya kwanza ikafika Lod, watu wakapakua mabomba ya mizinga kwa mikono. Ndege imevuka bahari, na kazi imesubiri mgongo wa mtu.

#20 Msimamizi_wa_Shehena

Mama Ghala, nafikiri umetaka kusema makombora ya mizinga, lakini kisa ni chenyewe. Na hoja yako naiunga mkono kwa yaliyonikuta.

Nilikuwa msimamizi wa shehena kwenye ndege ya panga nne kwa miaka mingi. Kuna safari moja ndefu, kikosi kilichotutumia mzigo kiliandika kwenye karatasi paleti ya mahema kilo 1,900. Mahema yale yalilala nje kwenye mvua usiku kucha, na karatasi iliandikwa jana yake. Foklifti ilipoiinua nikaona matairi ya nyuma yanataka kuacha ardhi. Nikasimamisha. Kijana wa foklifti akasema, karatasi inasema ni nyepesi. Nikamwambia, gari lako linasema nini? Tulipoipima ilikuwa imezidi kwa zaidi ya kilo 600. Na zilikuwa paleti nne za namna hiyo, zote zimepangiwa nyuma.

Hebu ziunganishe na hesabu ya #12. Mzigo wa ziada tani 2 na nusu kwenye ndege ambayo bajeti yake ni tani 4. Na uzito wenyewe unakula mafuta: sisi tulikuwa tunakadiria kama asilimia 3 ya uzito ulioongezeka kwa kila saa. Kwa saa 13 unachoma zaidi ya theluthi ya uzito huo kama mafuta, kwa sababu tu umeubeba. Rubani hatajua hadi aone mafuta yanashuka haraka kuliko jedwali. Dalili ya kwanza huwa hapo: saa ya tatu au ya nne, aliyeko kwenye kiti cha mafuta anaanza kurudia hesabu bila kusema kitu.

#21 Mama_Ghala

Makombora, ndiyo. Vidole vimeteleza. Na kuhusu mahema, sisi wa ghala tulikuwa tunalaumiwa kila siku, lakini mara nyingi mzani wenyewe haukuwepo uwanjani. Tuliandika kutoka kwenye daftari la kiwandani.

#22 Msimamizi_wa_Shehena

Sikulaumu, mama. Ndiyo maana sikuitazama karatasi, nilitazama matairi.

#23 Mtafiti_wa_Usiku

Nimesoma wote. Naona mnachanganya vitu viwili: kufika mbali, na kufikisha kwa wingi. Kujaza angani kunatatua la kwanza tu.

Chukueni Stalingrad. Umbali ulikuwa mdogo, kilomita mia mbili na kitu kutoka kwenye viwanja vya mwanzo. Hakuna aliyehitaji kujazwa angani. Jeshi la Wajerumani lililozingirwa lilihitaji angalau tani 300 kwa siku, likawa linapata wastani wa tani 100 na kidogo. Barafu kwenye injini, viwanja vya kupokelea na vya kuondokea vikachukuliwa kimoja baada ya kingine, na kila cha kuondokea kilipopotea umbali ukaongezeka. Berlin 1948, Wasovieti walipofunga njia za nchi kavu, napo umbali mdogo, daraja likafaulu, kwa sababu ya mdundo. Ndege moja kila dakika tatu. Ukikosa kutua mara ya kwanza, huzunguki, unarudi na mzigo wako ulikotoka. Sheria hiyo ilikuja baada ya ile Ijumaa ya Agosti ambapo ndege zilirundikana juu ya mji kwenye mawingu, kila mmoja anasubiri zamu.

Kwa hiyo kwangu jibu la #1 ni kwamba daraja la anga linategemea uwanja wa kupokelea. Mafuta yanakuja baadaye.

#24 Rubani_Mstaafu

Mtafiti, Berlin hakukuwa na bunduki zinazowafyatulia. Ungekuwa na mdundo wa dakika tatu Stalingrad, ungewahesabia adui ndege za kutungua. Usiilinganishe miwili hiyo kirahisi hivyo.

Na kuhusu uwanja wa kupokelea, Stanley nao ulifungwa Agosti 1982 ili kurefushwa. Daraja halikusimama. Walirudi kudondosha kwa miamvuli (dada Neema, hapo ndipo unaingia), na barua za askari za kurudi nyumbani walizinyakua. Mifuko ya barua inafungwa kwenye kamba iliyotundikwa kati ya nguzo mbili, Hercules inapita chini kabisa mlango wa nyuma ukiwa wazi, inakokota kamba yenye ndoano, inanasa, wahudumu wanavuta ndani. Bila kutua. Na ili ndege hiyo ipite pale na kurudi, ilibidi ijazwe angani. Kwa hiyo mafuta hayakuja baadaye. Ndiyo yaliyowaruhusu kutouhitaji uwanja.

#25 Neema_Dira

Kunyakua barua kwa ndoano! Hiyo sikuwahi kuisikia.

#26 Mtafiti_wa_Usiku

Mzee, barua ni kilo. Chakula, mafuta ya taa na saruji ya kujengea uwanja mpya vilikwenda kwa meli. Hata 1973 sehemu kubwa ya tani zote ilikuja kwa meli.

#27 Msimamizi_wa_Shehena

Lakini meli ya kwanza ya 1973 ilifika baada ya risasi kunyamaza. Tani inayofika vita vimekwisha si tani ileile. Hapo sikubaliani nawe.

#28 Kamanda_wa_Ramani

Swali kwa #3, na safari hii nauliza, sidai. Galaxy zilikuwa na tundu la kupokelea mwaka 1973. Kwa nini wahudumu hawakufunzwa? Jeshi tajiri vile?

#29 Msimamizi_wa_Shehena

Nimesikia maelezo matatu. La kwanza, mabawa ya Galaxy yalikuwa na udhaifu, yalikuja kujengwa upya baadaye, na waliogopa kuyachosha kwa kukaa nyuma ya ndege ya mafuta. La pili, ndege za mafuta zilikuwa chini ya kamandi ya mabomu ya nyuklia, na kamandi ya mizigo ilikuwa mgeni anayeomba. La tatu, viwanja vilikuwa vingi duniani, hakuna aliyewaza kwamba siku moja marafiki wote watafunga milango kwa wakati mmoja. Mimi naegemea la tatu.

#30 Rubani_Mstaafu

Mimi la pili. Aliyewahi kuomba ndege ya kamandi nyingine anajua. Na usisahau, ndege ya mafuta yenyewe inahitaji uwanja. Ureno ikikataa kutua Starlifter, itakubali kutua ndege ya mafuta inayomjaza Starlifter?

#31 Fundi_Injini

La kwanza. Nimeona nyufa za mabawa kwa macho yangu kwenye ndege ndogo kuliko Galaxy. Ukishaziona huzichukulii kwa wepesi.

#32 Mpenda_Mabawa

Asanteni wote. Nilikuja nikidhani jibu ni la sentensi moja. Nimebaki na jambo moja kwenye dirisha la #12: matangi manne yanampa mpangaji X kuanzia saa ya 6 hadi ya 10. Yeye angechagua ipi? Ya mapema, karibu na nyumbani, au ya kuchelewa?

#33 Mwana_wa_Hesabu

Kwa ndege ya mafuta, mapema ni nafuu, haisafiri mbali. Kwa Hercules, mapema haifai kabisa kwa sababu bado nzito, tangi halijapungua vya kutosha kupokea. Saa ya 6 ina nafasi ya tani 12 tu. Ningesema saa ya 8.

#34 Rubani_Mstaafu

Na kwenye mteremko ule, ukiwa mzito saa ya 6 utafika kwenye mawingu kabla hujashiba. Lakini saa ya 8 Victor atahitaji Victor mwenzake wa kumjaza. Panga tena, kijana, safari hii ukiwa na ndege mbili za mafuta, na mmoja avunje mrija.

#35 Mwana_wa_Hesabu

Nipeni hadi kesho jioni, mzee. Nitaleta jedwali.